Video Tatu za Kuhesabu Siku kuelekea Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

Matini ya mada iliyoandaliwa kwa ajili ya watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kata ya Buganguzi, Halmashauri ya Wilaya ya Muleba



Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo wengi huiita SALIKI, hufanyika mara moja katika kila robo ya mwaka. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano hupimwa uzito, urefu na mzingo wa mkono, walezi hupewa ushauri, na chakula cha mtoto hupikwa hadharani ili kila mmoja aone namna kinavyoandaliwa. Ile ya mwezi Juni huangukia katika kipindi ambacho watoto wa miezi sita hadi hamsini na tisa hupewa matone ya vitamini A, na wale wa mwaka mmoja na kuendelea hupewa dawa za minyoo. Juni huohuo ndio mwezi ambao kahawa inaiva Kagera. Mama anayeamka alfajiri kwenda kuchuma hawezi kuacha kazi kwa tangazo alilolisikia jioni ya jana yake, tena kwa kupitia mtu wa tatu. Ndiyo maana mada hii inahusu namna ya kuandika video tatu fupi zinazotangulia siku hiyo: ya kwanza siku saba kabla, ya pili siku tatu kabla, na ya mwisho jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Video za namna hii si ngeni kwa Watanzania. Kila msimu wa soka unapokaribia, klabu za Simba na Yanga huwaweka mashabiki roho juu kwa picha ya mchezaji aliyegeuzia kamera mgongo, au kivuli kisicho na uso, huku siku zikihesabiwa kuelekea Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, au Wiki ya Mwananchi, iliyoanza mwaka 2019. Mbinu hiyo hufaulu kwa sababu moja ambayo aghalabu husahaulika na wanaoiiga: shabiki tayari anajua siku, uwanja na bei ya tiketi. Kinachofichwa ni kitu kimoja tu, yaani jina la mchezaji. Mama wa Buganguzi hajui siku, hajui mahali, na yamkini hajui kama huduma hiyo inamhusu. Akifichiwa na hayo, hakuna hamu inayojengwa. Amenyimwa taarifa tu.

Chukua andiko ambalo mtu huliandika kwanza anapoambiwa atengeneze video ya kudokeza: "Je, uko tayari? Jambo kubwa linakuja kijijini kwetu! Zimebaki siku saba tu! Usikose!" Maneno hayo yanaweza kutangaza mechi, mkutano wa hadhara, harusi au ufunguzi wa duka la simu. Hayamwambii mtu achukue nini wala aende wapi. Kwa huduma ya umma kanuni inayofaa ni hii: siku, saa na mahali hutajwa katika video zote tatu bila kuficha, na kinachofichwa ni jibu la swali moja dogo ambalo mtu hulipata kwa kufika. Kazi ya mwandishi, basi, ni kulitafuta swali hilo.

Jambo la pili la kuangaliwa katika andiko lile ni maneno "zimebaki siku saba". Klabu huweka video katika ukurasa wake, na anayeitazama huona ilipowekwa. Kijijini video husafiri kwa njia nyingine. Mtendaji huituma katika kundi la WhatsApp la kijiji, mjumbe huichukua na kuipeleka kundi la kitongoji, binti aliyeko Mwanza humtumia mama yake, na mama huiona siku atakapopata chaji au bando. Video iliyosema "zimebaki siku tatu" ikifunguliwa baada ya siku mbili inadanganya. Iliyosema "kesho" hudanganya zaidi, maana kila atakayeifungua atakuwa na kesho yake. Dalili ya kosa hilo ni rahisi kuitambua: siku moja baada ya huduma, walezi wawili watatu huonekana ofisini na watoto mgongoni, wakiwa wamekuja kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo idadi ya siku zilizobaki iandikwe kwenye ujumbe wa maneno unaoambatana na video inapotumwa kwa mara ya kwanza, na ndani ya video yenyewe itajwe siku ya wiki na tarehe. Kuhesabu kwenyewe kutaonekana katika mfululizo wa video tatu, si katika neno "kesho".

Na saa je? Kwenye kioo iandikwe kama inavyosemwa. Anayeandika 8:00 akimaanisha saa mbili asubuhi atampata mlezi atakayeisoma saa nane, naye atafika mchana wakati mizani inafungwa. Iandikwe "SAA 2:00 ASUBUHI", na neno asubuhi lisiachwe.

Tuchukue mfano, tuufuate hadi mwisho. Tuseme huduma itakuwa Jumatano, tarehe 17 Juni, kuanzia saa mbili asubuhi, katika ofisi ya kijiji kimojawapo cha kata hii. Kila video iwe ya sekunde thelathini. Msemaji mtulivu wa Kiswahili, anayeacha nafasi ya kupumua, husema takriban maneno hamsini kwa muda huo. Siku, saa na mahali peke yake huchukua maneno kumi na matatu. Yanabaki chini ya arobaini kwa mambo mengine yote, na hapo ndipo mwandishi hujifunza kukata. Salamu ndefu, vyeo vya viongozi na shukrani kwa wadau havina nafasi katika sekunde thelathini, hata kama mwenye cheo ndiye aliyetoa simu ya kurekodia.

Video ya kwanza itumwe Jumatano tarehe 10. Picha yake ni moja: chungu juu ya mafiga, kimefunikwa kwa jani la mgomba, mvuke ukipenya pembeni. Mikono ya mama inaonekana, uso hauonekani. Sauti inasema:

"Ndizi zimetoka kibanjani. Maharage yametoka kibanjani. Dagaa wametoka ziwani. Mtoto wa miezi minane, mwenye meno mawili, atakulaje chakula hiki? Chungu kitafunuliwa Jumatano, tarehe kumi na saba Juni, kuanzia saa mbili asubuhi, ofisi ya kijiji. Ni Siku ya Afya na Lishe. Mlete mtoto wa chini ya miaka mitano."

Swali la video hii limechaguliwa kwa makusudi. Karibu kila nyumba ina ndizi, na wengi wanaamini kwamba penye ndizi hapana njaa. Shida ni kwamba ndizi peke yake humshibisha mtoto bila kumpa protini na madini ya kutosha, na mtoto aliyeanza kula hawezi kutafuna mchanganyiko wa watu wazima. Jibu, ambalo video hailitoi, ni kwamba dagaa husagwa wakawa unga, maharage huchujwa maganda, vyote hupondwa pamoja na ndizi hadi uji uwe mzito usiomwagika kijikoni. Mlezi huliona jibu hilo likipikwa mbele yake. Hapo kuna hamu ya kweli, kwa kuwa swali ni lake na chungu ni kama chake. Kama siku hiyo maonyesho ya mapishi hayatakuwepo kwa sababu yoyote, video hii isirekodiwe.

Video ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, na inahitaji kuzungumzwa kwa kirefu. Itumwe Jumapili tarehe 14, watu wanapotoka ibadani na kukaa pamoja, kwa maana simu moja hutazamwa na watu watano. Inahusu utepe wa kupimia mzingo wa mkono, ambao una kijani, njano na nyekundu. Kwa watoto wa miezi sita hadi hamsini na tisa, nyekundu huonyesha mzingo ulio chini ya sentimita 11.5, na kijani huanzia sentimita 12.5. Wahudumu mnaufahamu vyema. Kishawishi cha mwandishi ni kuzitumia rangi hizo kwa kutisha: muziki mzito, mkono mwembamba, utepe unakazwa, unasimama kwenye nyekundu, kisha maneno "Je, mtoto wako yuko salama?" Video kama hiyo ingesambaa upesi. Ingewaleta pia walezi wengi ambao watoto wao wana afya, waje kupata kijani yao na kurudi nyumbani wakifurahi.

Lakini mlezi anayehitajika kuliko wote ni yule ambaye amekwisha kumwona mwanawe anapungua. Huyo hasumbuliwi na kutojua. Anasumbuliwa na macho ya jirani. Anaogopa kusimama kwenye foleni mbele ya mashemeji, utepe usome nyekundu, kisha isemwe kwamba analewa, au kwamba hajui kupika, au kwamba mume hatunzi nyumba. Video ya kutisha humfungia mlango huyo mmoja ambaye shughuli nzima iliandaliwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu andiko linasema hivi:

"Utepe huu una rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Huzungushwa mkononi mwa mtoto, wala hauumi. Kwa mwanao utaonyesha rangi gani? Jibu utaambiwa wewe tu. Jumatano, tarehe kumi na saba Juni, kuanzia saa mbili asubuhi, ofisi ya kijiji. Ni Siku ya Afya na Lishe."

Maana ya rangi haielezwi, ili watu wasianze kuwahukumu watoto wa wenzao kwa macho. Picha ni ya utepe ulionyooshwa mezani, kisha ukazungushwa kwenye mkono wa mdoli, na unaondolewa kabla haujaonyesha rangi yoyote. Mtoto halisi hatumiki. Taarifa za afya na picha za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa mwenyewe. Hata mzazi akikubali leo, picha ya mwanawe na utepe mkononi itaendelea kuzunguka katika simu za watu miaka kumi ijayo, mtoto akiwa shuleni.

Maneno "jibu utaambiwa wewe tu" ni ahadi, na ahadi iliyo ndani ya video humfunga aliyeandaa uwanja. Ikiwa kipimo kitafanyika barazani mbele ya foleni, na mhudumu mmoja anamtajia mwenzake rangi kwa sauti ili aandike, maneno hayo ni uongo na yataiharibia imani huduma ya robo inayofuata. Kabla ya kurekodi, mwandishi amwulize mhudumu wa afya swali moja: meza ya utepe itawekwa wapi? Chumba cha ndani, au hata shuka lililotundikwa kwenye kamba, vinatosha. Kama havipatikani, sentensi ikatwe. Video fupi isiyoahidi faragha ni bora kuliko nzuri inayoiahidi kwa uongo.

Video ya tatu hutumwa jioni ya Jumanne tarehe 16. Kufikia hapo watu wanaelewa kinachokuja, hivyo haihitaji fumbo jipya. Inaondoa visingizio. Picha inaonyesha mkeka, na juu yake vitu vinawekwa kimoja kimoja:

"Kadi ya kliniki, ichukue. Kikombe na kijiko cha mtoto, vichukue. Mama akiwa kwenye kahawa, baba au bibi amlete mtoto. Hakuna malipo. Jumatano, tarehe kumi na saba Juni, kuanzia saa mbili asubuhi, ofisi ya kijiji. Chungu kitafunuliwa saa nne."

Sentensi ya baba na bibi ndiyo yenye uzito kuliko zote hapa. Msimu wa kahawa, mtoto wa miaka miwili aghalabu hushinda na bibi yake, na bibi hudhani kwamba kliniki ni ya mama na kadi. Akisikia ametajwa, anajua anaruhusiwa. Matone ya vitamini A hayakutajwa katika andiko hili, na si kwa kusahau. Yatajwe pale tu mganga mfawidhi wa zahanati atakapothibitisha kwamba yamekwisha kufika. Yakithibitishwa, sentensi "Matone ya vitamini A yatatolewa" iingie baada ya "Hakuna malipo", na hesabu ya maneno bado itakuwa chini ya hamsini. Kutajwa kwa saa nne kunawakumbusha walioiona video ya kwanza, na kwa wasioiona haina madhara yoyote.

Video zikiwa tayari, kuna jaribio la dakika mbili ambalo halipaswi kurukwa. Mpe mtu ambaye hakushiriki kuziandaa simu iliyofudikizwa mezani, asikilize bila kuona, kisha aseme ni siku gani, wapi, na achukue nini. Baadaye mpe mwingine aitazame bila sauti na aulizwe yaleyale. Wa kwanza anawakilisha mama aliyesikia simu ya jirani akiwa jikoni. Wa pili ni yule aliye kwenye basi au kikaoni, sauti ameizima. Mmoja wao akishindwa kutaja siku, andiko halijakamilika. Mara nyingi kosa huwa ni muziki uliopandishwa kuliko sauti, au maandishi meupe juu ya anga jeupe. Rekodi ifanyike ndani ya chumba, simu ikiwa karibu na mdomo wa msemaji, kwa kuwa upepo wa kwenye migomba hauonekani kwa macho lakini husikika kwenye rekodi. Ubora wa 720p unatosha. Video ya sekunde thelathini isipunguzwe sana ikawa ukungu, wala isiachwe nzito kiasi cha kumalizia mtu bando.

Wapo wazee wanaoelewa Kiswahili lakini wanaamini zaidi yanayosemwa kwa Kihaya. Picha zilezile zinaweza kuwekewa sauti ya pili ya Kihaya. Asitafsiri neno kwa neno. Msemaji apewe mambo ya kusema, ayaseme kama anavyozungumza nyumbani, kisha tarehe irudiwe kwa Kiswahili.

Linabaki jambo linalowasumbua watendaji wengi: tarehe kubadilika. Muuguzi ameitwa semina, au mvua imeharibu barabara. Kuifuta video kwenye kundi la WhatsApp hakuziondoi nakala zilizokwisha kupelekwa makundi mengine. Kwa hiyo sentensi yenye tarehe irekodiwe kama kipande chake, mwishoni au katikati, ili iweze kubadilishwa bila kurudia kazi nzima. Tena, video mpya isifanane na ya zamani mwanzoni, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuona chungu ataipita akidhani ni ileile. Ianze na uso wa mtendaji wa kijiji, aseme: "Tarehe imebadilika", ataje mpya mara mbili, na ile ya zamani asiitaje kabisa. Anayesikia tarehe mbili hukumbuka mojawapo, na si lazima iwe ile inayotakiwa.

Video hizi haziwafikii wenye simu za vitufe wala wasio na simu. Kwao mbiu ya mgambo na mguu wa mhudumu wa afya vinabaki palepale, na ni vyema mgambo apewe andiko la video ya tatu alisome lilivyo, ili kijiji kizima kisikie maneno yaleyale.

Siku yenyewe, karani wa mapokezi aongeze safu moja kwenye daftari na kumwuliza kila mlezi alivyopata habari: video, mbiu, mhudumu, au jirani. Alama moja ya kalamu inatosha. Jioni, majina ya waliofika yalinganishwe na orodha ya watoto chini ya miaka mitano ambayo kila mhudumu anayo kwa kitongoji chake. Wasioonekana watafutwe nyumbani ndani ya wiki hiyo, kwa kuanzia na wale ambao mhudumu alikuwa na wasiwasi nao kabla ya video ya kwanza kutumwa. Utepe uwemo mfukoni, na atakayekwenda aende peke yake.